Vipele vilivyojipanga shingoni mwa uume: ni masundosundo au maumbile tu?

Kijana wa Igoma
Wakuu heshima kwenu, naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo linaninyima usingizi. Mimi nina miaka 24, niko Mwanza. Nilitahiriwa nikiwa mkubwa, mwaka juzi, zile kampeni za tohara zilipopita mtaani kwetu. Kidonda kilipopona vizuri ndo nikaanza kuona vipele vidogo vidogo vimezunguka pale kwenye ukingo wa kichwa cha uume, pale shingoni, vimejipanga mstari kama shanga, rangi yake ni ya ngozi ila vinang'aa kidogo ukiweka tochi ya simu. Haviwashi, haviumi, havitoi maji. Nikavipotezea. Sasa mwezi uliopita mpenzi wangu akaviona akaniuliza hivi ni nini, akanitumia picha za masundosundo, nikaanza kulinganisha na kila nikiangalia naona vinafanana. Nikaenda duka la dawa, yule kaka hata hakuangalia, akanipa kichupa cha podofilini, akasema paka asubuhi na jioni wiki nzima, ukiona pameungua ujue dawa inafanya kazi. Kichupa kiko hapa mezani sijakifungua. Naombeni ushauri nipake au nisipake, na kama kuna mtu alishapitia hii hali aseme.

Mzee wa Siki
Kijana tulia. Kwanza kama haviumi wala haviwashi siyo ugonjwa, ugonjwa wa zinaa lazima ujisikie. Pili kuna kipimo rahisi cha nyumbani, chukua siki nyeupe, loweka pamba, weka hapo dakika tano, vikigeuka vyeupe ni masundosundo visipogeuka uko salama. Hata mke wangu kliniki walimpima kwa siki hivyo hivyo, siyo mambo ya mtaani haya.

Mama Kaizari
Mwanangu acha kunyolea wembe, hivyo ni vipele vya kunyoa. Kijana wangu mdogo alikuwa navyo kinena kizima, akaacha wembe akawa anapunguza kwa mkasi vikaisha vyenyewe. Paka na mafuta ya nazi.

Kijana wa Igoma
Asante mama ila siyo kinenani, ni kwenye kichwa chenyewe, huko hakuna nywele.

Tabibu wa Zamu
Mkuu, kichupa kiache kama kilivyo, kwanza tuongee. Mimi kazi yangu ni kliniki ya ngozi na magonjwa ya ngono, vijana wenye swali lako nawapata mara kwa mara, tena hasa hawa waliotahiriwa wakubwa. Simwambii mtu ana nini kwa kusoma maandishi, ila majibu yako yatatuonyesha uelekeo. Nijibu haya:

Vyote vinalingana ukubwa au kuna vikubwa na vidogo? Mstari ni mmoja au miwili, na umezunguka pande zote au umekaa sehemu moja? Tangu uvione vimeongezeka? Na muhimu kuliko yote, kuna kingine chochote mahali pengine, kwenye shina la uume, kwenye mfuko wa pumbu, chini kwenye kinena, au njia ya haja kubwa? Angalia kwenye mwanga wa kutosha, mchana, siyo usiku kwa tochi.

Kijana wa Igoma
Dokta nimeangalia leo saa sita mchana dirishani. Vyote vinalingana kabisa, vidogo mno, kama kichwa cha pini au pungufu. Upande wa juu mistari ni miwili, pembeni mmoja, chini karibu na ule uzi wa ngozi vinapotea. Tangu mwaka juzi ni vile vile, sioni vikiongezeka. Ila sasa kwa sababu umeuliza mahali pengine, nimeona kimoja chini kabisa kwenye shina, karibu na nywele, hiki ni kikubwa kuliko vyote, kama punje ya mtama, juu kimekwaruzika siyo laini, nadhani kina miezi miwili hivi. Hicho nilidhani ni chunusi.

Tabibu wa Zamu
Vizuri sana, hapo umenipa vitu viwili tofauti, na inabidi tuvitenganishe kwa sababu watu huviweka kapu moja halafu wanavitibu vyote au wanaviacha vyote.

Ule mstari wa shingoni, kwa maelezo yako, unafanana sana na vile tunaviita vipele lulu. Ni nyama ndogo za maumbile, kila kimoja kina milimita moja au mbili tu, vimejipanga kwa mpangilio kwenye ukingo wa kichwa, vinalingana, havikui wala havihami. Havina kirusi ndani yake, humwambukizi mtu na hukuambukizwa na mtu. Tafiti zimevikuta kwa wanaume wengi, kuanzia kama asilimia 14 mpaka 48 kutegemea walipimwa wapi, vijana zaidi kuliko wazee, na ambao hawajatahiriwa zaidi kuliko waliotahiriwa. Wewe bila shaka ulikuwa navyo tangu balehe, ila govi lilikuwa linavifunika na hukuwa na sababu ya kuchunguza. Govi likaondoka, ukaviona, ukahesabu vimeanza siku hiyo. Wengine huja kliniki wanalaumu kabisa waliowatahiri kwamba wamewaambukiza kitu.

Masundosundo hayana adabu ya kupanga mstari. Yanaanza kimoja au viwili, kingine kinatokea kule, kimoja kinakua kingine kinabaki kidogo, sura ya juu ni ya kukwaruza, yakishamiri yanaungana shina moja yanakuwa kama koliflawa. Na yanapenda sehemu zinazosuguana na zenye unyevunyevu. Kwa hiyo kile kimoja chako cha kwenye shina, kipya, chenye sura ya kukwaruza, ndicho kinachonitia wasiwasi mimi, wakati wewe usingizi unakosa kwa vile vya mstari.

Yanaletwa na kirusi cha HPV, aina ya 6 na ya 11 ndizo zinasababisha karibu asilimia 90. Hizo mbili siyo zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, zile ni aina nyingine, hasa 16 na 18, ingawa mtu mmoja anaweza kuzibeba pamoja.

Kuhusu kichupa. Podofilini ya nguvu ile, asilimia 10 mpaka 25, ni dawa ya kupakwa na mhudumu, kwenye kinyama chenyewe tu, inaachwa ikauke, halafu inaoshwa baada ya saa moja mpaka nne, na hairudiwi kesho, unarudi baada ya wiki. Kupaka asubuhi na jioni wiki nzima kuzunguka kichwa chote ni kujichoma. Nimempokea kijana aliyefanya hivyo, tena kwenye vipele lulu ambavyo havikuhitaji chochote, alikuja amevimba, ngozi imechubuka mzunguko mzima, hawezi hata kukojoa bila kulia. Vidonda vilipopona vipele lulu vilikuwa palepale. Dawa ikipakwa eneo kubwa au penye kidonda inaingia mwilini, na hapo ni sumu. Mjamzito haruhusiwi kabisa kuigusa. Ipo dawa nyingine ya ukoo huohuo, iliyosafishwa, ya nusu asilimia, hiyo mtu anaweza kupewa apake mwenyewe nyumbani mara mbili kwa siku kwa siku tatu kisha anapumzika siku nne, ila na yenyewe ni baada ya mtu kukuangalia na kukuonyesha upake wapi.

Mzee wa Siki
Dokta nakuheshimu lakini hujajibu la siki. Kama haifanyi kazi kwa nini hospitali wanaitumia kwa wanawake?

Tabibu wa Zamu
Swali zuri mzee wangu. Siki ile ya kliniki inapakwa kwenye mlango wa kizazi, anayeangalia kafundishwa, na anachotafuta ni mabadiliko ya awali ya saratani, siyo masundosundo. Kwenye ngozi ya nje mambo ni mengine. Ngozi iliyosuguliwa, yenye fangasi, yenye mchubuko usioonekana, hata iliyonyolewa jana, yote inaweza kugeuka nyeupe. Na sundosundo la siku nyingi lililokauka linaweza lisigeuke. Kwa hiyo mtu atakuja na mstari wa vipele lulu na ngozi imekereka, ataona weupe, ataachana na mkewe bure. Zamani madaktari waliitumia hata kwa wanaume, siku hizi haishauriwi kama kipimo cha kutafutia.

Na lile la kwanza ulilosema, kwamba ugonjwa wa zinaa lazima ujisikie, hapana mzee. Masundosundo mengi hayaumi. Mengine yanawasha kidogo, mengine hutoka damu yakisuguliwa, ila mtu anaweza kukaa nayo mwaka bila kujua.

Mzee wa Siki
Hapo la kutokuumia nimekuelewa. La siki bado nasema ina kazi yake, jirani yangu ilimwonyesha kweli na hospitali wakathibitisha.

Dada wa Tandale
Samahani naingilia uzi wa wanaume. Mimi nina vitu kama hivyo ila ndani ya mashavu madogo ya uke, pande zote mbili, laini kama vidole vidogo sana vya rangi ya pinki. Nilienda zahanati moja nikaambiwa masundosundo, nikachomwa kwa dawa mara kadhaa, maumivu siyasemi, na havikutoka. Mwisho wa siku nilionwa na daktari wa wanawake akaniambia havikuwa ugonjwa. Mpaka leo mume wangu haamini. Hivi mtu unavitofautishaje kwa mwanamke?

Tabibu wa Zamu
Pole sana dada, hilo linatokea kuliko watu wanavyodhani. Kwa wanawake kuna maumbile yanayofanana na vipele lulu vya wanaume. Mhudumu mwenye haraka anaviona anaandika masundosundo.

Cha kuangalia ni chini, siyo juu. Vya maumbile kila kimoja kina mzizi wake peke yake, ukivitenganisha taratibu unaona vimesimama kimoja kimoja mpaka chini, na upande wa kulia unafanana na wa kushoto. Sundosundo ncha zake kadhaa zinakutana kwenye shina moja, halina mpangilio, na ukiligusa ni gumu kuliko ngozi ya jirani. Tena la maumbile huwa na rangi moja na ngozi iliyolizunguka. Mume wako akubali kwenda nawe kwa yule daktari wa wanawake, amwoneshe mbele yake, maneno ya kuambiwa nyumbani huwa hayatoshi.

Mchuuzi wa Likoni
Mie niko Mombasa. Nami nina mavimbe kwenye ngozi ya pumbu, yapo kama saba, magumu kiasi, meupe kwa manjano, mengine kama dengu na moja kubwa kama njegere. Yana miaka, hayaumi. Juzi nikakamua moja likatoka kitu cheupe kama jibini kinanuka, na sasa hapo pamefura pamekuwa pekundu moto moto. Kwa hivyo haya nayo ni masundosundo?

Tabibu wa Zamu
Kaka, kwa maelezo hayo inaelekea ni vifuko, ngozi imejifungia ndani uchafu wake wenyewe na kile kitu cheupe kilichotoka ndicho ushahidi. Sundosundo ni nyama iliyoota juu ya ngozi, halina kitu cha kukamua ndani. Vifuko vya pumbu ni vya kawaida, havina uhusiano na ngono hata kidogo. Shida umejiletea mlango wa vijidudu kwa kukamua. Ukiona wekundu unapanuka, au homa, au maumivu yanapanda, nenda leo usisubiri wiki iishe, sehemu hiyo haifai kuchezewa. Ikipoa, kama lile kubwa linakukera, linatolewa kwa kisu kidogo na ganzi, tena linatolewa na ganda lake lote, kwa sababu ganda likibaki linajaa upya. Ndiyo maana ukikamua linarudi.

Fundi Kapumbu
Na vile vidoti vyeupe chini ya ngozi ya uume ukiinyoosha? Mimi ninavyo vingi mpaka kwenye mdomo wa juu pia.

Tabibu wa Zamu
Hivyo ni tezi za mafuta zilizo karibu na uso wa ngozi, vinaitwa madoa ya Fordyce. Ngozi ikinyooshwa vinaonekana zaidi, ikilegea vinafifia, na ukipitisha kidole huhisi kitu kimeinuka sana. Viache.

Kijana wa Igoma
Dokta sasa nikienda hospitali watanipima damu waone HPV? Maana kuna mtu kaniambia kuna kipimo kikubwa Dar wanachukua laki kadhaa.

Tabibu wa Zamu
Usitoe hela hiyo. Hakuna kipimo cha damu cha kukuambia kama hicho kinyama ni sundosundo. Kinatambuliwa kwa macho ya mtu aliyeona mengi, wakati mwingine kwa lenzi ya kukuza, na kikileta utata kinakatwa kipande kidogo kinapelekwa maabara. Kinakatwa hasa kama kina rangi nyeusi isiyo ya kawaida, kimekuwa kidonda, kinavuja damu, kimeshikana na nyama ya chini, au kimekataa dawa.

Damu utakayotoa ni ya vitu vingine viwili, na usivikatae. Cha kwanza kaswende. Kaswende ya hatua ya pili inaweza kuota vinyama bapa, vyenye majimaji, kijivu kijivu, sehemu hizo hizo, na mtu asiyejua anaviita masundosundo anavipaka podofilini wakati dawa yake ni sindano ya penisilini. Vile vinaambukiza vibaya. Cha pili VVU, kwa sababu mwenye kinga iliyoshuka masundosundo yake huwa mengi, yanakua haraka na yanarudi kila ukiyatoa. Mwambie pia atakayekuangalia aone kama hicho kinyama kina kishimo katikati, maana kuna vile vipele vya virusi vingine vyenye kitobo juu kama kitovu, navyo matibabu yake ni tofauti.

Kijana wa Igoma
Wakuu narudisha mrejesho. Nimeenda kliniki ya ngozi, nimeonwa na mama mmoja mtu mzima, aliangalia na lenzi kama ile ya kuangalia stempu. Mstari wa shingoni kasema ni vipele lulu kama dokta alivyosema humu, akasema nisivipake chochote hata sabuni ya dawa. Kile cha kwenye shina kasema ni sundosundo, na akakuta kingine kidogo pembeni yake ambacho mimi sikukiona kabisa kwa sababu kilikuwa kwenye nywele. Amevigandisha kwa ile hewa baridi ya naitrojeni, imeuma kama moto, ikavimba malengelenge, kasema ni kawaida nisiyapasue. Nirudi baada ya wiki mbili. Kaswende hakuna, VVU hakuna, ila VVU kasema nirudie baada ya miezi mitatu.

Sasa tatizo limehamia kwingine. Nimemwambia mpenzi wangu ukweli, yeye anasema hajawahi kuwa na kitu kama hicho kwa hiyo mimi nimetoka nje. Mimi toka tuanze naye, na ni miezi saba sasa, sijatoka. Kabla yake nilikuwa na mwingine. Nani kamletea mwenzake?

Mama Kaizari
Mwanangu huyo binti anajua anachokificha. Mtu asiyetoka hawezi kuuliza kwa ukali hivyo.

Tabibu wa Zamu
Mama samahani, hapo nakupinga. Kutoka kuambukizwa mpaka kinyama kuonekana mara nyingi ni miezi miwili mitatu, lakini inaweza kuwa wiki chache na inaweza kupita mwaka. Na wengi wanaopata kirusi hicho hakiwaotei chochote, mwili unakifuta wenyewe kimya kimya ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo anaweza kuwa alikuletea yeye bila kujua, unaweza kuwa ulikuja nacho kutoka kwa yule wa kabla, na hakuna daktari wala kipimo kitakachosema ni yupi. Vinyama vyako havithibitishi kwamba kuna aliyetoka nje ndani ya miezi hii saba.

Yeye aangaliwe tu kwa macho, na kwa ndani kama anaona dalili. Kuwa na mpenzi mwenye masundosundo peke yake hakumlazimishi kupimwa mlango wa kizazi kabla ya umri wake wa kupimwa kufika.

Dada wa Tandale
Kwa hiyo kondomu inatosha wakati anatibiwa?

Tabibu wa Zamu
Inapunguza, haizuii yote, kwa sababu kile chake kilikuwa kwenye shina karibu na nywele ambako kondomu haifiki vizuri. Mimi huwaambia wagonjwa wangu wasikutane kimwili mpaka vinyama viishe na ngozi ipone, kisha kondomu kwa muda. Kwa muda gani hasa, madaktari wenyewe hatukubaliani. Kuna wanaosema miezi mitatu, na wapo wanaosema kama mko wawili tu mlioaminiana, tayari mmeshashirikishana kirusi na kondomu haina tofauti kubwa kwenu. Mimi nalalia upande wa miezi mitatu kwa sababu vikirudi, mara nyingi vinarudi ndani ya muda huo.

Mchuuzi wa Likoni
Dokta lile jipu langu nimepewa dawa za kumeza, limeanza kunywea. Shukran. Ila yule kijana, hizo lulu zake haziondoki basi? Mwenziwe akiziona si atasema tena ni maradhi?

Tabibu wa Zamu
Kwa umri zinafifia kwa wengi. Kuna wanaoziondoa kwa leza, inawezekana, lakini ni gharama, kuna kidonda cha kuuguza na kovu linaweza kubaki, yote kwa kitu kisicho na madhara. Mimi simshauri. Igoma, hicho kingine kilichokutwa kwenye nywele ndicho nataka ukifuatilie. Kunyoa nywele? Hapana, punguza tu kwa mkasi, wembe unakisambaza kwenye michubuko. Siku ya kurudi mwambie yule mama aangalie na njia ya haja kubwa, hata kama hujawahi kufanya chochote huko, kirusi kinasogea kwenye ngozi ya jirani.

Kijana wa Igoma
Hakuangalia huko, na mimi niliona aibu kutaja. Narudi Alhamisi, nitamwambia. Na mpenzi wangu amekubali kuja ila anataka aonwe chumba chake peke yake, hataki mimi niwepo. Kile kichupa nimemrudishia yule kaka wa duka, hela hajanirudishia.